Gauni la Zambarau Ndani ya Slaidi Nyekundu

Mtaani kwetu huniita Bi Giza. Jina hilo nililipata nilipokuwa nasafisha filamu kwenye chumba kisichoingia hata mwanga wa tundu la ufunguo, na mteja akigonga mlango namfokea kutoka ndani: "Subiri! Ukifungua umeharibu harusi ya watu!" Madawa ya kusafishia filamu nimeshaacha. Sasa kazi yangu ni kuchukua slaidi na negativu za zamani, kuzipitisha kwenye skana, na kuzirudishia rangi zilizokimbia. Hasira sijaacha.

Chumba changu nimekipaka kijivu, kuta zote, hata dari. Pazia ni zito na halifunguliwi. Nikiwa kazini navaa koti la kijivu, maana ukikaa mbele ya skrini na blauzi nyekundu, wekundu wake unarudi kwenye kioo na jicho linadanganyika. Jirani yangu mshona viatu husema nina msiba usioisha. Aseme tu. Yeye akikosea anakosea kiatu.

Mwalimu aliingia Jumatatu asubuhi. Nilimjua kwa sura; alifundisha jiografia shule ya jirani na alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu. Alitoa kwenye mfuko wa shati bahasha, ndani ya bahasha karatasi laini, ndani ya karatasi slaidi moja ya milimita thelathini na tano kwenye fremu ya plastiki.

"Fundi," akasema, "hii ni picha ya mama yangu. Ndiyo pekee aliyopigwa akiwa na mimi."

Niliiweka juu ya kisanduku cha mwanga nikainamia na lenzi. Ilikuwa nyekundu tupu, nyekundu ya jicho lililoingia pilipili. Ndani ya wekundu huo wanawake wawili walikuwa wamesimama mbele ya ukuta, na mmoja wao amebeba mtoto mchanga aliyefungwa shali. Sura zao zilikuwa moja. Magauni yao yalikuwa ya mshono mmoja.

"Ni pacha?"

"Pacha. Aliyenibeba ndiye mama. Huyo mwingine ni Mama Mdogo, ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa na miezi mitatu." Akaikunja ile bahasha tupu. "Natazama picha hii miaka thelathini na tano, fundi, na sijawahi kumwona. Naona wekundu. Nataka siku moja tu nimwone alivyokuwa."

Ningependa kusema nilimjibu kwa upole. Nilimwambia asinipe presha na aketi.

Kwanza nilimwonyesha kile ambacho wengi hudhani ndicho kazi yangu. Niliacha skana ipate moto, nikaiskani slaidi, nikabonyeza kitufe cha programu cha kujirekebishia chenyewe. Kitufe hicho hakijui picha ni ya nini. Kinachojua ni kwamba rangi zote zikichanganywa lazima zitoke kijivu, basi kinasukuma mpaka zitoke kijivu. Wekundu ulipungua, ukuta ukawa wa buluu chafu, na wale dada wawili wakawa na nyuso za maiti.

Mwalimu aliruka nyuma. "Ondoa!"

"Naondoa. Nilitaka uone kwa nini itachukua siku."

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote. Slaidi ya rangi ni tabaka tatu zilizolaliana kama shuka tatu juu ya kitanda kimoja: ya manjano, ya majenta, ile nyekundu inayoelekea zambarau, na ya sayani, ile buluu inayoelekea kijani. Kila tabaka ina mwanga wake inaouzuia, na ya sayani huzuia mwekundu. Katika filamu nyingi za miaka hiyo sayani ndiyo iliyokuwa dhaifu. Hufa hata kwenye giza, na ukiiweka mahali pa joto hufa haraka zaidi. Sayani ikifa, mlinzi ameondoka getini. Mwanga mwekundu unapita upendavyo.

"Iliwekwa wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye kopo, juu ya kabati, chini ya bati. Aliyepiga alikuwa mpima ardhi, rafiki wa baba. Familia yake ndiyo iliyotuletea, nilipokuwa namaliza chuo. Ilifika ikiwa hivi hivi."

"Bati," nikasema. "Basi wameichemsha miaka ishirini."

"Kwa hiyo haiwezekani?"

"Sijasema haiwezekani. Nimesema wameichemsha. Imekufa karibu yote, na karibu si yote. Njoo Jumamosi."

Kesho yake, kama saa nne, nikasikia mkongojo nje. Bibi mmoja mwembamba aliingia, miwani myeusi usoni, akasimama katikati ya chumba changu cha kijivu kama mtu aliyeingia kanisa la wengine. Alipovua miwani nilimtambua. Alikuwa ni yule wa kwenye slaidi. Yupi kati ya wawili, Mungu ndiye ajuaye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe wa picha? Mimi ni mama yake Mwalimu. Mama yake mdogo." Aliketi. "Hajui nimekuja. Nimemwambia naenda kliniki ya macho. Nimetolewa mtoto wa jicho, hili na hili. Sasa naona rangi mpaka zinanichosha. Nilirudi nyumbani nikakuta kumbe pazia langu ni la buluu. Miaka yote nilidhani nilinunua la kijani."

Nilicheka. Nikamwambia mtoto wa jicho hufanya jicho kuwa la manjano polepole, na mwenye jicho hagundui; kwamba hospitali wamemfanyia yeye kazi ile ile ninayofanyia picha. Hakucheka.

"Umeshaifungua hiyo picha?"

"Nimeanza tu."

"Mwanangu, sikia. Nina jambo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki." Akautazama mkongojo wake. "Picha ilipoletwa, kijana aliniuliza, 'Mama yangu ni yupi?' Alikuwa na miaka ishirini na mbili, amesimama mlangoni. Hata sikuitazama vizuri. Nikamwambia, aliyekubeba. Ningemwambia nini? Akalia, akafurahi, mimi nikafurahi. Usiku ule nikaiweka mbele ya taa nikaitazama. Mwanangu, aliyembeba ni mimi."

"Umejuaje? Mmefanana mno."

"Mama yetu alikuwa na sheria. Mkubwa husimama mkono wa kulia wa mdogo. Yeye alinitangulia kwa robo saa, basi ni mkubwa. Kanisani, mezani, kwenye picha, hata tukienda kisimani: yeye kulia, mimi kushoto. Tulizoea, hatukuweza kusimama vingine. Sasa tazama picha yako. Aliyebeba mtoto yuko upande gani wa mwenzake?"

Niliitazama kwenye skrini. Alikuwa upande wa kushoto wa mwenzake. Nilitafuta pete, nilitafuta kovu, nilitafuta chochote. Mikono ya aliyebeba ilikuwa ndani ya shali. Wa pili aliificha nyuma.

"Kushoto," nikasema.

"Basi." Alisema hivyo kama anayefunga mlango. "Kumbatio langu ndilo nimempa, nikamwambia ni la mama yake. Na dada yangu amesimama pembeni mikono nyuma, mwanawe anampita kwa macho miaka yote anamdhani ni mimi. Nimemnyang'anya mtoto mara mbili."

Niliinamia skrini tena.

"Magauni," akaendelea. "Kitambaa kilikuwa kimoja, kimeshonwa na fundi mmoja, ila rangi mbili ili watu watutofautishe. Langu la waridi. Lake la zambarau. Kwenye wekundu huu yanaonekana sawa. Ukizirudisha rangi, atajua." Akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na chepesi. "Nakuomba. Huyo aliyebeba, mpake zambarau."

Hapa lazima niseme ukweli kuhusu mimi. Nimeshawahi kuombwa nimwondoe mke wa kwanza pichani, nimwongezee babu nywele, niweke gari mbele ya nyumba isiyo na gari. Wote niliwatoa mbio. Huyu sikuweza. Nilimtazama nikajiona nimekunja koti langu kwa vidole.

"Mama, mimi sipaki. Nikipaka mara moja, kila picha niliyowahi kutoa kwenye chumba hiki inakuwa na mashaka. Mimi nachimba. Kilichobaki natoa, kisichokuwepo siweki."

"Basi iache nyekundu. Mwambie imeshindikana."

"Hilo nalo ni kupaka."

Mshona viatu alisikika nje akigonga soli.

"Nitafanya hivi," nikasema. "Chaneli ya nyekundu, ile sehemu ya picha inayobeba mwanga mwekundu peke yake, ndiyo yenye siri ya gauni. Sitaifungua peke yangu. Jumamosi uje naye. Ukitaka nisiifungue, kohoa. Nitamwambia mashine imeleta kiburi. Hilo la mashine si uongo, huleta kila siku."

Aliinuka kwa mkongojo wake. "Nina kikohozi kizuri," akasema.

Siku tatu nilifanya zile kazi ambazo hazikuhitaji kujua gauni lilikuwa la rangi gani. Niliiskani slaidi upya kwa kina kikubwa, kile ambacho kila rangi ina ngazi elfu sitini na tano badala ya mia mbili na hamsini na sita, na vitufe vyote vya kujirekebishia nimevizima. Niliipitisha mara kumi na sita nikaipa programu ichukue wastani, ili chembechembe za mashine zifutane na zile za picha zibaki. Nilitoa vumbi moja moja. Kila nilipofika kwenye chaneli ya nyekundu niliondoa mkono. Mchoro wake wa kupima mwanga niliuona pembeni: chaneli ya kijani na ya buluu zilikuwa na vilima vilivyotanda kutoka giza hadi mwanga, lakini ya nyekundu ilikuwa imejibana yote kwenye ukingo wa mwanga, ubavu mwembamba kama kucha. Humo ndani ya kucha ndimo ilimobaki sayani yote iliyonusurika. Nilikuwa na hamu ya kuifungua mpaka usingizi ukawa mgumu.

Jumamosi walikuja pamoja. Mwalimu alivaa tai. Bibi aliketi kwenye kiti nilichomwekea karibu na skrini, na kabla sijagusa kitu akakohoa.

Nikamtazama. Akakohoa tena, kikohozi cha kweli safari hii, akajifuta mdomo.

"Hapana, fundi, ni vumbi," akasema. "Ngoja. Usifungue kwanza." Akamgeukia Mwalimu. "Mwanangu, keti."

Alimwambia yote. Hakupamba, hakulia, alisema kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Sheria ya mama yao, kulia na kushoto, taa ya usiku ule. "Nilikudanganya. Na nimekaa na huo uongo, kila unapoitoa hiyo picha mfukoni naangalia pembeni."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Mtu anayefundisha hali ya hewa miaka thelathini anajua kukaa kimya kabla ya mvua. Mwishowe akasema, "Kwa hiyo yule mwingine, wa pembeni. Huyo ndiye yeye."

"Ndiye."

"Sijawahi kumtazama vizuri." Akailegeza tai. "Mama, siwezi kukukasirikia. Ila nimekasirika. Fundi, fungua."

Nikaomba kitu kimoja kwanza. Nilimuuliza bibi ni kitu gani pichani anachokijua rangi yake bila shaka, kitu cha kijivu au cheupe, kwa sababu bila hicho nakisia tu. Hakufikiri. Alionyesha umbo karibu na mlango. "Hiyo ndoo. Ya bati, mpya. Na shali ni nyeupe; nilifua mimi mwenyewe."

Ndoo ya bati ni zawadi kwa mtu wa kazi yangu. Bati jipya halina rangi. Likionekana jekundu, wekundu ni wa filamu.

Nikaifungua chaneli ya nyekundu peke yake. Chaneli moja ikisimama peke yake haina rangi, huonekana kama picha ya nyeusi na nyeupe. Hii haikuonekana kama kitu chochote. Ilikuwa ukungu mweupe. Wanawake hawakuwepo, mlango haukuwepo.

"Imekufa," Mwalimu akanong'ona.

"Nyamaza," nikamwambia, na sikumwomba radhi.

Nilishika ncha ya giza ya mchoro nikaivuta polepole kuelekea ile kucha. Ukungu ukaanza kuwa na uzito. Kwanza ulitokea mlango, mstari mmoja, kisha wa pili. Ikatokea ndoo. Nywele zikatokea, vichwa viwili vilivyosukwa sawasawa. Chembechembe zilikuwa nyingi, picha ilikwaruza macho, lakini nilivyovuta ndivyo watu walivyokuja, kutoka mahali ambapo sekunde moja kabla hapakuwa na kitu. Nimeifanya kazi hii maisha yangu yote na vinyweleo vilinisimama mikononi. Nilikuwa nimewakuta wako hai ndani ya ubavu wa mwanga usiozidi upana wa kucha.

Kisha magauni. Nilisimamisha mkono.

Gauni la waridi na gauni la zambarau yana majenta sawasawa; kinachoyatenganisha ni sayani. Zambarau inayo, waridi haina. Kwa hiyo kwenye chaneli ya nyekundu la zambarau lazima liwe jeusi zaidi. Na mbele yetu gauni moja lilikuwa jeupe kama ukuta, na la pili lilikuwa la kijivu kizito.

Lile zito lilikuwa la aliyebeba mtoto.

Mimi mwenyewe sikuamini. Nikafungua chaneli ya kijani nikailinganisha: humo magauni yalikuwa sawa kabisa, hakuna kivuli kilichoangukia moja. Nikapima ukuta kulia na kushoto, isije ikawa filamu imekufa zaidi upande mmoja. Ukuta ulikuwa sawa. Nikarudi kwenye nyekundu. Zito, tena bila ubishi.

"Aliyebeba amevaa zambarau," nikasema.

"Haiwezekani," bibi akasema. Alisimama bila mkongojo. "Haiwezekani! Yuko kushoto! Dada hakuwahi kusimama kushoto kwangu, hata siku ya homa. Mashine yako inataka kunifurahisha."

"Mashine haimjui mtu, mama."

"Basi umepaka."

Hilo liliniuma. Nilizima skana, nikaifungua nikatoa slaidi, nikiwa nimeshakusanya maneno makali mdomoni. Nikaiinua mbele ya taa ya mezani, kwa mshazari. Maneno yakaniishia.

Mganga hajigangi. Filamu ina upande unaong'aa na upande uliofubaa, wenye miinuko midogo ukiuchungulia kwa mshazari, kana kwamba picha imechongwa. Huo ndio wenye tabaka za rangi. Picha hutazamwa kutoka upande unaong'aa. Jambo hili nimewafokea watu wazima mpaka wakanuna. Na mimi niliiweka slaidi hii kwenye skana kwa kufuata uso wa fremu, sikuangalia filamu. Upande wa mbele wa fremu, ule ambao familia hii imeutazama miaka thelathini na tano, ulikuwa umefubaa.

"Mama," nikasema polepole, "fremu hii ya plastiki ilitoka wapi?"

"Ya kwanza ilikuwa ya kadi. Ilifika imeumuka, inavunda. Nilimpelekea mtu wa studio siku hiyo hiyo, akanitilia nyingine."

"Na kabla ya hapo uliitazama?"

"Nimekwambia sikuitazama vizuri. Ilikuwa inanuka."

Nilichukua kisu chembamba nikaipasua fremu kwenye maungio. Filamu ilitoka, na pamoja nayo kitu ambacho fremu ilikuwa imekificha: ukingo, wenye namba za kiwandani. Niliishika kama ilivyokuwa imekaa nikampa Mwalimu lenzi.

"Soma."

Alikunja uso. "Zimegeuka. Kama kwenye kioo."

"Sasa." Nikaigeuza filamu.

"Kumi na tisa," akasoma. Kisha akaelewa, niliona mabega yake yakielewa kabla ya uso. "Iliwekwa kinyume."

"Mtu wa studio aliiweka kinyume. Na mimi, fundi mzima, nikamfuata kama kondoo."

Kwenye programu kugeuza picha ni amri moja. Niliitoa. Wanawake wawili walibadilishana mahali. Aliyebeba mtoto akaenda mkono wa kulia wa mwenzake, akasimama pale kama mtu aliyeelekezwa na mama yake.

Bibi alikaa chini. Hakukaa kitini, alikaa sakafuni, na Mwalimu akaenda kukaa naye.

Niliwaacha hapo nikafanya kazi, kwa sababu sijui kufanya kingine watu wakilia. Niliiskani filamu upya bila fremu, upande wake sahihi, ukingo ukionekana. Ukingo wa slaidi ulitoka kiwandani mweusi kabisa, na sasa ulikuwa wa rangi ya damu kavu. Kwa huo nilipata weusi wa kweli. Kwa shali nikapata weupe. Kwa ndoo nikapata katikati, maana sayani haikuwa imekufa sawasawa: kwenye vivuli imebaki kidogo zaidi, kwenye mwanga imekwisha, na ukinyoosha ncha mbili tu katikati hubaki na uongo. Niliikunja mistari ya mwanga ya chaneli tatu mpaka ndoo ikawa bati. Nilipunguza chembechembe za nyekundu bila kugusa sura. Ikachukua karibu saa nzima. Nyuma yangu walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini, na wakati fulani nilisikia mmoja wao akicheka.

"Njooni," nikasema.

Ukuta ulikuwa wa krimu. Mlango, wa kijani. Ngozi zao zilikuwa na joto, za watu waliotoka kuoga wakasimama juani. Wa kushoto alivaa waridi. Wa kulia alivaa zambarau, zambarau ya kweli iliyoiva, na mikunjo ya gauni ilikuwa na vivuli ambavyo hakuna jicho lililoviona tangu ile filamu ianze kufa. Mtoto ndani ya shali nyeupe alikuwa amefungua jicho moja. Mama yake alikuwa ameinamisha uso kidogo upande wake, si kwa kamera, na sasa mdomo wake ulionekana umeanza kusema jambo.

Nimeshaona maelfu ya picha. Nilivua miwani yangu nikaishika mkononi.

Mwalimu alisimama na tai yake imepinda. Alinyoosha kidole mpaka karibu na kioo, akakirudisha. "Ananiambia nini?" akauliza, na hakuna aliyedhani anatuuliza sisi.

Bibi alisogea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye skrini. Kwa kawaida mimi humfokea mtu anayefanya hivyo. Alitazama kwa yale macho yake mapya, kutoka gauni hadi uso, na alikaa usoni.

"Nilikuwa nikikutazama nadhani ni mimi," akasema. "Miaka thelathini na tano. Natoa ile picha, nakuona, nageuza uso kwa aibu. Sikukusalimu hata siku moja."

Akanyoosha gauni lake kwa viganja viwili, kama anayejiandaa kwa mgeni.

"Dada," akasema, "habari za siku nyingi. Mtoto huyu hapa, nimekuletea."

Akamshika Mwalimu mkono akamvuta hadi mkono wake wa kulia, wakasimama mbele ya skrini. Mimi niliondoka nikaenda kukaa nje na mshona viatu, na alipoanza utani wake wa msiba nilimwambia anyamaze.